Uzi wa Tatu Kwenye Ungo

Niliandika "hapana" kabla dada yangu hajafungua mdomo. Naanza na hilo, maana nikianza na hesabu nitajificha ndani yake, na nimeshajificha humo vya kutosha.

Ilikuwa Februari mwaka 2001, Nkunga, uani kwa mama mkwe wake. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, fomu za mradi wa migomba zikiwa magotini. Veronika alikuwa na miezi minne ya ndoa, anamenya ndizi za mchana, na mama mkwe wake, Tupokigwe, alikuwa anachambua maharage pembeni. Swali la saba liliuliza kama kaya imepokea machipukizi ya migomba kutoka mbali, nje ya majirani wa kawaida. Nilipolisoma, Veronika aliacha kumenya. Sikuinua uso. Niliandika neno lile moja nikaenda swali la nane, nikauliza idadi ya kuku.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nilisoma hisabati chuo kikuu, na wakati huo nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya pili kuhusu mitandao: nani kaunganishwa na nani, na kitu kikianzia hapa kitafika kule baada ya hatua ngapi. Mwalimu wangu alinipa makala mpya kutoka ng'ambo na kuniambia nitafute mtandao wa kweli, siyo wa karatasini. Nikakumbuka nyumbani. Mambo yalikuwa yamegeuka wilayani Rungwe. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, bei ya kahawa imeporomoka, watu wanang'oa mibuni waliyopanda baba zao na kuweka migomba, hasa kisukari, ndizi fupi tamu, kwa sababu malori ya wafanyabiashara yalikuwa yanakuja mpaka shambani na kuondoka na mikungu kwenda Dar es Salaam. Na kwenye kisukari ndiko mnyauko ulikoanzia.

Mnyauko huu unakaa kwenye udongo. Unaingia kwenye mgomba kupitia mizizi, unaziba njia za maji, majani ya chini yanageuka njano na kuning'inia. Ukishaingia shambani hautoki. Mtoto wako atazeeka na kisukari hakitaota hapo vizuri. Haurushwi na upepo. Unasafiri kwa udongo na maji, kwa jembe lenye matope, na zaidi ya yote ndani ya machipukizi yanayoonekana mazima kabisa. Kwa maneno mengine unasafiri kwa mikono ya wanawake, wanaogawiana machipukizi kila mvua zinapoanza.

Kiongozi wa mradi alikuwa Mama Zakia, bingwa wa magonjwa ya mimea, mtoto wa wafanyabiashara wa zamani wa Tukuyu mjini, mkali kwa sauti ya upole. Julai mwaka 2000 alithibitisha ugonjwa kwenye kitongoji kimoja Masoko, akapiga marufuku machipukizi ya kisukari kutoka kata ile. Kisha akanigeukia. "Ackson, nina miche safi ya kitalu ya kutosha vitongoji vichache tu. Niambie ugonjwa utafika wapi lini, nijue pa kuanzia."

Nilimchorea pete. Vitongoji vinavyolima kisukari kwa wingi nilivipata arobaini, vimezunguka kwa duara, maana katikati kuna mji, mashamba ya chai na msitu. Kitongoji chenye ugonjwa nikakipa namba moja, nikaendelea mpaka arobaini kinachorudi kupakana na moja. Fomu zilionyesha kila kitongoji kinagawiana machipukizi na vinne: viwili vya upande huu, viwili vya upande ule. Kwa kuwa kompyuta ya ofisi ilitegemea umeme na umeme ulitegemea bahati, nilitengeneza pete ile kwenye ungo. Nilichomeka njiti arobaini kwenye ukingo nikafunga nyuzi za katani kati ya majirani. Mama Zakia alikuwa anaupenda ungo ule kuliko karatasi zangu zote.

Kwenye ungo unaona mambo mawili. La kwanza ni mshikamano. Chukua njiti yoyote: ina majirani wanne, na wanne hao wanafanya jozi sita. Jozi ngapi zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe? Tatu. Tatu kwa sita ni nusu, na ni hivyo kwa kila njiti, kwa hiyo mshikamano wa pete nzima ni sifuri nukta tano. Ndiyo maisha ya kijijini hayo: watu unaowapa mbegu, nusu ya jozi zao wanapeana pia, na chipukizi ukimpa mmoja linazunguka humohumo. La pili ni umbali. Kutoka njiti moja kwenda nyingine kuna wastani wa hatua tano na kidogo, na ya mbali zaidi ni hatua kumi. Hatua moja ni msimu mmoja wa kupanda, yaani mwaka. Kitongoji cha dada yangu Nkunga kilikuwa namba ishirini. Kutoka namba moja mpaka ishirini, hatua kumi.

Basi ripoti yangu ikasema Nkunga wana miaka kumi. Miche safi ikagawiwa kwa majirani wa Masoko, hatua moja na mbili. Nkunga hawakupata hata mmoja, wala mkaguzi, wala kikao cha mafunzo. Mwenyekiti wa kitongoji aliisoma ripoti mbele ya watu, na nasikia walipiga makofi.

Nilijua kuwa ni uongo. Hesabu ilikuwa sawa. Pete ndiyo ilikuwa pungufu.

Katika ukoo wetu binti akiolewa mama yake humpa machipukizi kutoka nyuma ya nyumba, akayapande kwa mumewe kwa mkono wake. Watoto wake wale ndizi alizokula yeye. Oktoba ile Veronika alipoolewa, marufuku ilikuwa na miezi mitatu, na nyumba ya mama yetu iko kitongoji namba tatu, jirani na namba moja. Mama aliniuliza itakuwaje. Nikamwambia asijali. Nilikwenda na gari la mradi, nikapakia machipukizi kumi na mawili chini ya turubai, na kwenye kizuizi cha Tukuyu mkaguzi akanipungia mkono kwa sababu ananifahamu. Nkunga niliwaambia wakwe kuwa kwa sababu ya marufuku, mradi umempa bibi harusi miche iliyokaguliwa ya kitalu. Tupokigwe alishika mikono yangu yote miwili akinishukuru. "Ndaga fijo, mwanangu. Mmetuheshimu," alisema. Veronika alikuwa amesimama nyuma yake kwenye kitenge kipya, akinitazama. Alikuwa analijua kila shina la shamba la mama.

Nilijipa sababu gani? Nilijipa ya hisabati, tena nzuri. Usiku ule wa harusi niliporudi kwenye fomu zangu nilijaribu kuongeza mstari mmoja, kutoka tatu mpaka ishirini, nikapiga upya mshikamano. Njiti yenye jirani wa ziada wa mbali ina jozi kumi, na zilizoungana ni zilezile tatu, kwa hiyo inashuka mpaka sifuri nukta tatu. Lakini ni njiti mbili tu kati ya arobaini. Wastani wa pete ukatoka nukta hamsini ukawa nukta arobaini na tisa. Nikacheka peke yangu. Pete ileile, ujirani uleule, mstari mmoja hauonekani hata kwenye jibu. Kuuandika ni kujitafutia kufukuzwa bure. Umbali sikuupiga. Makala ya mwalimu wangu ilikuwa mezani, na jambo lake zima lilikuwa hilohilo, kwamba njia chache za mkato haziugusi mshikamano ila umbali zinaukata vibaya. Nilikuwa nimeisoma mara sita. Niliacha kupiga umbali kwa sababu nilijua utasema nini.

Halafu Februari nikaenda Nkunga na fomu, nikaandika "hapana".

Machi mwaka 2002 Amoni, mume wa Veronika, alikuja ofisini. Ni mtu wa maneno machache, anakusanya mikungu kwa ajili ya malori. Alikaa, akakataa chai, na mtu akikataa chai ofisini kwetu ujue kuna jambo.

"Shemeji, migomba imeanza njano," alisema.

"Ya nani?"

"Aliyopanda Veronika. Yote kumi na miwili. Na sasa ya mama iliyo chini yake, ile sehemu tuliyong'oa kahawa."

Nilimuuliza majani gani, nikamuuliza kama mashina yamepasuka chini. Nilikuwa nauliza ili nisinyamaze. Alijibu yote, kisha akasema lililomleta. Watu walikuwa wanasema ni mkono wa bibi harusi. Ya kwanza kuugua ni migomba aliyoshika yeye, ya majirani mizima. Kuwa ni ule mnyauko wa Masoko haiwezekani, kwa sababu mtaalamu aliandika miaka kumi, na huu ni wa pili tu. Miche ilitoka kitalu cha serikali, imekaguliwa. Sasa kimebaki nini? Kimebaki yeye. Halafu ndoa ina mwaka na nusu na mtoto hajaja, na hilo nalo walikuwa wamelitia kwenye kapu moja.

"Jumamosi wazee wa ukoo wanakaa kwa mama," alisema. "Wanataka arudi kwenu. Mimi sitaki, shemeji, ila mimi ni mtoto pale. Njoo na karatasi zako. Wewe watakusikiliza."

Alitaka nije nimtetee dada yangu kwa hesabu ambazo ndizo zilizomshtaki. Nilimwambia nitakuja. Baada ya kuondoka nilikaa nikiutazama ungo ukutani, na nilijichukia kiasi kwamba Mama Zakia alipopita aliniuliza kama nina malaria.

Zilibaki siku nne. Mtu mwungwana angekwenda Nkunga kesho yake asubuhi. Mimi nilitafuta mlango wa pembeni. Nilichukua pikipiki ya mradi nikazunguka vitongoji kuuliza swali la saba upya, safari hii bila haraka, nikiwauliza wanawake kuhusu harusi. Nikapata njia nyingine mbili za mkato. Bibi harusi mmoja alitoka namba kumi akaolewa ishirini na tisa, karibu na Igogwe. Mwingine alitoka kumi na sita kwenda thelathini na tano. Wote walibeba machipukizi ya mama zao, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Nilifurahi, naona aibu kusema. Nilidhani nimepata pa kutokea. Ningeonyesha wazee kuwa harusi zinafupisha njia, ningesema "harusi" kwa ujumla, na yangu ingepotea katikati ya zile.

Jumamosi walikuwepo wazee watano kwenye viti, Amoni kwenye ngazi ya baraza, Tupokigwe kwenye mkeka, na Veronika mlangoni mwa jiko. Alikuwa amekonda. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limewekwa ndani ya mlango ambapo kila mtu aliliona. Tulisalimiana kirefu kama inavyotakiwa, ugonile, ndaga, habari za Masoko, habari za mvua. Kisha nikaweka ungo katikati.

Niliwaeleza pete na hatua kumi. Hayo walikuwa wanayajua kwa kichwa. Walikuwa wanayasema kabla yangu. Nikawaeleza harusi mbili, nikatoa uzi mwekundu mfukoni, nikavuta kutoka njiti ya kumi kwenda ishirini na tisa, na mwingine kutoka kumi na sita kwenda thelathini na tano.

"Sasa tuhesabu upya," nilisema. "Kutoka namba moja, hatua tatu kurudi nyuma mpaka thelathini na tano. Uzi mwekundu, ya nne, tupo kumi na sita. Mbili tena, tupo hapa, ishirini."

"Sita," alisema mzee Asajile, baba mdogo wa Amoni. Alikuwa amehesabu kwa kidole chake mwenyewe, akaruka njiti mbilimbili bila kukosea. Alikuwa karani wa chama cha ushirika enzi zake, na nilipaswa kujua kuwa hapo sipiti. "Umeipunguza kumi imekuwa sita. Vizuri. Lakini migomba hii imeugua mwaka wa pili. Miaka minne imekwenda wapi?"

Nilijifanya nakaza fundo la uzi.

"Basi hata kwa hesabu yako mpya, mwanangu, huu si ugonjwa uliotembea," alisema kwa upole. "Tulitaka tusikie kwako. Tumesikia."

Tupokigwe aliinamisha kichwa. Amoni alinitazama kama mtu aliyekopeshwa ngazi yenye kipago kimoja kilichooza. Na Veronika aliinama, akashika begi. Hakulia wala hakuniangalia. Ndipo nilipoona kuwa angeondoka nalo kweli. Angepanda basi mpaka Tukuyu, angepanda jingine mpaka Masoko, angeingia kwa mama kama mwanamke mwenye mkono mbaya, na asingesema neno mpaka kufa kwake, kwa sababu mimi ni kaka yake na nina kazi.

"Veronika, weka chini," nilisema.

Nilikata kipande cha uzi mwekundu. Fundo lilinishinda mara mbili. Nilifunga njiti ya tatu, nikavuta mpaka ishirini, nikafunga.

"Namba moja," nilisema. "Jirani yake ni namba tatu. Hatua ya kwanza. Uzi, hatua ya pili. Tumefika."

Mzee Asajile aliinama juu ya ungo. "Mbili. Na namba tatu ni wapi?"

"Ni kwetu. Nyuma ya nyumba ya mama yangu." Nilimgeukia Tupokigwe, maana yeye ndiye aliyenishika mikono. "Mama, miche ile haikutoka kitalu. Niliitoa Masoko wakati imekatazwa, nikaileta hapa kwa gari la mradi, nikawaambia imekaguliwa. Veronika hakuomba. Mkono ulioleta ugonjwa huu ni wangu."

Kuku walikuwa wanapita chini ya viti. Kisha mzee Asajile akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Huu uzi ulikuwa unaujua ulipoandika miaka kumi?"

"Nilikuwa naujua."

"Kwa nini hukuuandika?"

Ningeweza kumwambia niliogopa kufukuzwa. Nilimwambia pia lile lingine, lenye aibu zaidi: kwamba nilipiga hesabu moja ikaniambia uzi huu ni kitu kidogo, na sikupiga ya pili. Nikawaonyesha. Kwa nyuzi zote tatu mshikamano unatoka nukta hamsini unafika nukta arobaini na saba tu. Ukimwuliza mtu yeyote kijijini atakwambia hakuna kilichobadilika, majirani ni walewale. Lakini wastani wa umbali unatoka tano na kidogo unashuka chini ya nne, na umepungua kwa kila njiti, hata ambazo hazijaguswa na uzi mwekundu. Kwenye ungo ule nyuzi za majirani zilikuwa themanini. Hizi tatu zilikuwa zimeifanya wilaya nzima kuwa ndogo.

"Na majirani?" Tupokigwe aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mvua hizi zilipoanza nilitoa machipukizi. Ya kwangu na ya mkwe wangu, nilichanganya. Niliwapa kina Alinanuswe, na wale wa ng'ambo ya kijito."

Hapo ndipo mshikamano ule mzuri ulipogeuka sumu, na wote waliuona kwenye ungo bila mimi kueleza. Njiti ya ishirini ina majirani wanne, na majirani wenyewe wanapeana. Ugonjwa ukishavuka kwa uzi mrefu, unatawanyika kwa nyuzi fupi. Tulihitaji kung'oa, kuchimba mashimo, kuosha majembe na kuacha kupeana kisukari kwenye vitongoji vyote vitano, na tulipaswa kuwa tumefanya hivyo mwaka mzima nyuma.

Tupokigwe aliinuka kwenye mkeka. Alikwenda mlangoni mwa jiko, akalichukua begi kutoka mkononi mwa Veronika, akaingia nalo ndani. Alipotoka alikuwa na panga. "Mkwe, twende kwa mama Alinanuswe tukamwambie wenyewe kabla hajasikia," alisema. Wakatoka wawili. Mimi aliniambia, "Wewe kaa na wazee, wana maneno na wewe." Walikuwa nayo mengi, na yalikuwa ya haki.

Mama Zakia nilimwambia jioni ileile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niache funguo za pikipiki mezani na nimwandikie ripoti mpya kabla sijaondoka, yenye nyuzi zote. Hakupandisha sauti. Jumatatu alikuwa Nkunga mwenyewe na miche iliyobaki.

Na Jumapili nilikwenda Masoko. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kumwambia mama kidogokidogo, kwamba zawadi yake ya harusi imeua shamba la mkwe wake. Nilipofika alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya shina la mgomba aliloliangusha, na migomba yake yote ya kisukari ilikuwa chini. Alikuwa amemaliza peke yake asubuhi, mwanamke wa miaka sitini na tatu. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu. Amoni alimwambia dereva wa lori la ndizi, dereva akamwambia shangazi yake sokoni Tukuyu, na shangazi anasali na mama. Watu watatu tu.

"Kaa," alisema.

Nilikaa. Alikuwa na tunguu la mgomba, shina lake la ardhini, mapajani, amelipasua katikati kwa panga. Ndani mlikuwa na vidoa vya kahawia nyekundu, kama kutu.

Kuna jambo sijalisema mpaka sasa, na sikulisema Nkunga wala kwa Mama Zakia. Machipukizi siku ile ya harusi hayakuwa kumi na mawili. Yalikuwa kumi na matatu. Niliwafundisha wanawake wa Masoko kukata chipukizi moja na kuangalia ndani kabla ya kutoa, na mama alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikata moja mbele yangu akanionyesha. Vilikuwemo vidoa, vichache. Gari lilikuwa linanguruma, watu wa harusi wanasubiri, na mimi nilisema, "Huo ni utomvu, mama."

"Nilikuonyesha," alisema mama.

"Ulinionyesha."

"Nikaamini kwa sababu umesoma."

Nililichukua panga lake nikalifuta udongo.

"Jana uliwaambia wakwe?"

"Niliwaambia nilileta. Hili sikuwaambia. Wanadhani sikujua."

"Na Veronika?"

"Naye hajui."

Mama alilitupa tunguu kwenye shimo. Alinawa mikono kwenye ndoo, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cha kwenda kanisani, viatu mkononi maana njia ilikuwa na tope. Nilimwambia basi la Nkunga Jumapili ni shida, tungoje Jumatatu. Alikuwa ameshapita mlango wa ua.

"Kutoka hapa mpaka Nkunga ni hatua moja," alisema. "Hesabu ni yako. Twende."